Kuingia kwa Nani

Wiki yangu ya kwanza kazini, Kaka Nyaya alinionyesha grafu ya swichi, kile kisanduku kinachounganisha kebo za seva zetu zote, akagonga kioo cha kompyuta kwa kalamu, akasema jambo ambalo sikulisikia vizuri. Feni ya kompyuta yake ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga, na yeye ana tabia ya kuzungumza huku ameuma kifuniko cha kalamu. Nilisikia "macho ya swichi." Mengine yalimezwa na feni.

"Umeelewa?" akaniuliza.

"Nimeelewa."

Sikuelewa. Niliona haya kumwambia arudie. Cheti changu cha chuo kilikuwa kwenye begi, bado ndani ya bahasha yake ya plastiki, na niliona kwamba mtu mwenye cheti kama kile hapaswi kuuliza grafu inasema nini. Nikatikisa kichwa kama mjuzi, naye akaendelea na mambo mengine.

Ofisi yetu ni ndogo. Tuna vyumba viwili ghorofa ya pili, na chumba cha mashine chini kabisa ya jengo, ambako simu haishiki. Tunatunza tovuti za watu: duka la viatu, kituo cha redio, kiwanda cha rangi, na wengine, jumla kumi na wawili. Tuko watatu tu: Bosi, Kaka Nyaya na mimi. Kaka Nyaya aliitwa hivyo kwa sababu hakosi kebo shingoni, ameitundika kama daktari na kipimo chake cha moyo. Mimi waliniita Kimya kabla hata sijamaliza wiki.

Mteja wetu mkubwa kuliko wote ni ofisi ya usajili wa vyuo vya uuguzi. Mara moja kwa mwaka vijana hujaza fomu kwenye tovuti yao, na dirisha hufungwa saa kumi kamili jioni ya siku ya mwisho. Anayekosa husubiri mwaka mzima. Haya ninayoyasimulia yalitokea siku hiyo ya mwisho.

Saa sita na nusu mchana Kaka Nyaya alichukua bisibisi zake.

"Kiyoyozi cha chini kimeanza kukohoa," alisema. "Ukiona jambo, Kimya, shuka uniite. Usiogope ngazi, haziumi."

"Sawa, kaka."

Dakika ishirini baadaye simu ya mezani ililia. Namba yetu imeandikwa chini kabisa ya ukurasa wa usajili, kwa herufi ndogo, na watu wenye shida huwa na macho makali.

"Mwanangu," ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, "niko hapa kwenye kibanda cha kompyuta na binti yangu. Hii ni mara ya tatu tunajaribu. Tukifika kwenye kubonyeza, kinazunguka kiduara tu."

"Kinazunguka halafu kinafanya nini, mama?"

Nikasikia akimuuliza mtu pembeni. "Anasema kinazunguka dakika nzima, halafu linakuja neno: lango halikupata jibu kwa wakati."

Ningekuwa na utulivu, sentensi hiyo peke yake ingenitosha. Niliiandika kwenye karatasi. Nikaandika na namba ya fomu ya binti yake, elfu nne mia nne kumi na saba, na namba ya simu ya mama, kisha nikamwambia asubiri kidogo tunaangalia.

Nikafungua tovuti kwenye simu yangu, kwa data yangu mwenyewe, ili nipite njia wanayopita watu wa nje. Iliunganisha papo hapo, kisha ikangoja. Nikatuma mlio mfupi wa kupima njia, ule wa kuuliza seva "upo?" na kusubiri ijibu "nipo." Mara kumi niliuliza, mara kumi ikajibu, bila kuchelewa. Nikafungua duka la viatu, ambalo linakaa kwenye bomba lilelile la intaneti. Viatu vikatokea vyote na bei zake. Nikaingia kwenye seva ya usajili: prosesa, ubongo wa mashine, ilikuwa inatoka jasho, hifadhidata imeelemewa, na wale watumishi mia na hamsini wa seva, yaani zile programu ndogo zinazopokea wageni mmoja mmoja, wote walikuwa kazini, hakuna hata mmoja aliyekuwa huru.

Yote hayo niliyaona. Nayasema ili isidhaniwe kwamba sikuwa na habari. Ushahidi ulikuwa umejipanga mbele yangu, lakini mimi nikafungua grafu.

Grafu ya mlango wa swichi, ule ambao kebo ya seva ya usajili imechomekwa, ilikuwa na mlima. Tangu asubuhi mstari ulikuwa umelala chini, na ilipofika saa sita na dakika arobaini ukasimama wima kama ukuta. Mlima wa kijani. Na kando ya rangi ya kijani liliandikwa neno moja: *Inaingia*.

Chuoni tulifundishwa kuhusu mafuriko ya njia: mtu mbaya anakusanya maelfu ya mashine na kukumiminia takataka mpaka bomba linajaa, na wageni wa kweli hawapati pa kupita. Tulifundishwa pia dawa yake ya mwisho. Unaiomba kampuni inayokuletea intaneti iizike anuani ya tovuti inayoshambuliwa, kila kinachoelekea huko kitupwe kabla hakijafika kwako. Anuani moja inakufa ili kumi na moja zipone. Sisi ofisini tunasema hivyohivyo, kuzika.

Ngazi za kwenda chini ni thelathini na mbili. Nimezihesabu mara nyingi baadaye. Nilitazama mlango, nikawaza: nikimwita na ikawa si kitu, atasema nini? Nikiliweza mwenyewe, je?

Saa saba na dakika nne niliandika ombi kwa kampuni ya intaneti: tunashambuliwa kwa mafuriko, tafadhali zikeni anuani hii. Nikabonyeza kutuma. Sijawahi kuwa jasiri kiasi kile maishani mwangu, na sitamani tena ujasiri wa aina ile.

Haikupita dakika mbili, mlima ukaanguka. Mstari wa kijani ukalala chini, bapa. Prosesa ikapoa. Wale watumishi mia na hamsini wakawa huru wote. Nikaegemea kiti, na nadhani nilitabasamu.

Bosi alitoka chumbani kwake na kikombe mkononi. Ni mtu mnene, mwenye sauti ya kusema na ukumbi mzima hata akiwa anaomba sukari.

"Nasikia usajili umelala?"

"Tumeshambuliwa, Bosi. Nimeizika anuani. Mafuriko yameshuka." Nikamwonyesha grafu.

Akaitazama, akanitazama. "Wewe? Kimya? Ndiyo maana wanasema maji makuu hayana kishindo!" Akacheka, akaweka kikombe juu ya meza yangu. "Nyaya yuko chini anabembeleza kiyoyozi, mtoto wa juzi ameokoa jahazi. Ngoja nimwambie Msajili."

Akampigia Msajili kwenye simu ya mezani, kwa spika. Msajili ni mama ambaye sijawahi kumwona. Namjua kwa sauti tu, sauti ya mtu aliyezoea kusoma kanuni mbele ya watu wasiopenda kanuni.

"Nasikiliza."

"Mama, shikamoo. Ni wavamizi wa nje, lakini tumeshawazima. Binti wetu hapa kawaona mapema."

"Marahaba. Tovuti imerudi?"

Bosi akanitazama. Nikanong'ona, "Mpaka mafuriko yaishe kabisa."

"Punde tu, mama. Tunasubiri wachoke."

"Sawa. Lakini nikueleze mapema, usije ukanilaumu," Msajili akasema. "Kama ni wavamizi wa nje, kanuni haina huruma. Saa kumi ni saa kumi, siongezi hata dakika. Ingekuwa hitilafu ya mwenye mitambo, hapo dakika zilizopotea ningezirudisha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama. Ni wavamizi."

Akakata. Bosi akachukua kikombe chake. "Niandikie taarifa, ukurasa mmoja. Weka na ile picha ya mlima." Akanipiga begani kidogo, akarudi chumbani kwake huku anapiga mluzi.

Ilikuwa taarifa ile iliyonifumbua macho. Nilitaka kuweka pia picha ya bomba kubwa, lile linalotuunganisha sote na dunia, kuonyesha jinsi lilivyojaa. Nikafungua grafu yake. Halikuwa limejaa. Bomba letu linabeba megabiti elfu moja kwa sekunde, na saa sita na dakika arobaini ile, upande wa kuingia, haukuwa na mlima wowote. Hata hesabu ya pakiti, vile vipande vidogo vinavyobeba kila kitu mtandaoni, ilikuwa imepanda kidogo tu. Palipopanda kwa kuonekana palikuwa upande wa kutoka, na hapo pia kilikuwa kituta, si mlima.

Nikarudi kwenye mlima wangu, na sasa nikasoma tarakimu za pembeni. Kilele kilikuwa arobaini na moja. Megabiti arobaini na moja, kwenye bomba la elfu moja. Grafu ile hujinyoosha yenyewe ili ijaze kioo. Ukiipa sita inakupa kilima, ukiipa arobaini na moja inakupa mlima mrefu mpaka mawinguni. Niliogopa umbo. Sikusoma namba.

Na hapo ujumbe ukaingia kutoka kampuni ya intaneti: *Tumeizika kama mlivyoomba, lakini hatuoni mafuriko yoyote kuelekea anuani hiyo. Mna uhakika?*

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini na tano.

Laiti ningeweza kuandika kwamba nilisimama palepale. Sikusimama. Nilifunga ule ujumbe kana kwamba haukuja. Nikajiambia labda wanachelewa kuona. Nikajiambia labda mafuriko yatarudi. Nilikuwa nimeizika tovuti yenye watu hai ndani yake, kisha nikaketi juu ya kaburi nikisifiwa, na ule mstari bapa niliouita ushindi ulikuwa ukimya wa watu waliofungiwa nje. Bila shaka prosesa ilipoa. Nani angeisumbua?

Saa nane kasoro dakika kumi simu ililia tena.

"Mwanangu, ni mimi. Sasa hata kile kiduara hakuna. Inasema haipatikani kabisa."

"Tunashambuliwa, mama," nikasema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Vumilia."

"Wenye kibanda wanasema twende nyumbani, imekufa. Wewe unasemaje? Tungoje au twende?"

Nilipaswa kumwambia angoje. Lakini kumwambia angoje ni kumwambia ninajua kitakachotokea, na mimi sikujua kama nitathubutu.

"Sijui, mama," nikasema.

"Basi Mungu awasaidie mnaopigana nao," akasema, akakata. Aliniombea dua.

Nikabaki nimeshika simu. Nilitazama karatasi yangu, ile sentensi ya kwanza: *lango halikupata jibu kwa wakati*. Ni nani aliyemwandikia mama yule maneno hayo? Seva yetu wenyewe. Ilipokea ombi lake, ikampeleka mtu ndani kuuliza, wa ndani akachelewa, na ikarudi mpaka kwenye kibanda kumwomba radhi. Aliyezibiwa njia hapati hata barua ya kukataliwa. Njia ilikuwa wazi tangu mwanzo. Kama seva ni duka, waliojaa walikuwa ndani, mbele ya muuzaji.

Saa nane na dakika tano nilishuka ngazi zote thelathini na mbili.

Kaka Nyaya alikuwa amelala chali chini ya kiyoyozi, miguu tu inaonekana. Baridi ya chumba kile inapenya mpaka kwenye meno.

"Kaka."

"Nipe ile bisibisi nyekundu."

Nikampa. "Kaka, nimeizika anuani ya usajili."

Miguu ikatulia. "Lini?"

"Saa saba na dakika nne."

Akajiburuta akatoka, ana vumbi mpaka kwenye kope. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. "Ulionaje mpaka ukazika?"

"Mlango wa swichi ulikuwa na mlima. Inaingia, megabiti arobaini na moja."

"Inaingia," akarudia. Akafuta mikono polepole kwenye suruali. "Kuingia kwa nani?"

Nikaitazama ile bisibisi nyekundu.

"Kimya, kuingia kwa nani? Grafu ile inaona kwa macho ya swichi. Kinachoingia kwenye swichi kupitia mlango ule kinatoka wapi?"

"Kwenye seva," nikasema.

"Basi seva ilikuwa inasema, haikuwa inatupiwa. Ilikuwa inajibu watu mpaka inakaukiwa mate. Nilikueleza wiki ya kwanza."

"Feni ilikuwa inapiga kelele. Sikusikia."

"Ukasema umeelewa."

"Nilisema."

Nilifikiri ataniuliza kwa nini, lakini nadhani uso wangu ulimjibu. "Haya," akasema, "machozi baadaye. Saa ngapi sasa?"

Tulipanda pamoja. Aliketi kwenye kiti changu, mimi nikasimama nyuma yake kama mshitakiwa. Alitaka kuifukua anuani mara moja, kisha akajizuia: tukiifukua bila kumtoa aliyejaza duka, tutarudi palepale pa saa sita na dakika arobaini. Akafungua kumbukumbu za seva, daftari linaloandika kila anayebisha hodi na anachoomba.

Hata mimi niliona. Mstari baada ya mstari, maombi yaleyale: ukurasa wa kutafuta chuo, na kila ombi limebeba neno la ovyo lisilo na maana, ili hifadhidata isiwe na jibu la akiba na ilazimike kupekua rafu zote upya. Anuani mia tano na kitu, kila moja ikiuliza mara moja kila sekunde mbili au tatu, kwa adabu kabisa.

"Umewaona?" Kaka Nyaya akasema. "Hawa hawafungi barabara kwa malori. Wanaingia dukani kwa mlango, wanasalimia, kila mmoja anauliza bei ya kitu ambacho hakipo, na muuzaji anapanda ngazi kukitafuta. Njia nyeupe, duka limekwama. Bomba lingejaa, mlio wa kupima ungepotea, duka la viatu lingelia, redio ingelia. Kuna aliyelia?"

"Hakuna."

"Ulipima?"

"Nilipima. Vyote vilijibu."

Aligeuka akanitazama. Hapo ndipo aibu ilinishika barabara, kwa sababu aliona kwamba sikukosa kwa kutojua. Nilikuwa na majibu yote mkononi, nikayaacha kwa ajili ya picha.

"Nitaweka kikomo," akasema, akaanza kuandika. "Kila anuani, maombi matano kwa dakika. Zaidi ya hapo, nje."

Nilitazama vidole vyake. Ni nani mimi sasa, wa kumwambia kitu?

"Kaka," nikasema, "vibanda vya kompyuta."

"Vina nini?"

"Watu ishirini wanatoka kwa anuani moja. Ukiweka matano, utawafungia hao hao. Wengi wa siku ya mwisho wako vibandani."

Vidole vikasimama. "Kweli," akasema. Akakuna shingo chini ya kebo. "Unasemaje basi?"

"Tuzime utafutaji. Orodha ya vyuo haibadiliki leo. Tuiweke kama ukurasa mmoja uliokwisha kupikwa, hata ukiombwa mara elfu hauigusi hifadhidata. Na hawa..." nikaonyesha kioo, "hawa hawachukui picha wala rangi za ukurasa. Mtu wa kweli, kivinjari chake kinachukua vyote. Na wote wanajitambulisha kwa jina moja la kivinjari cha zamani. Tuwazuie kwa hizo dalili mbili zikiwa pamoja."

Hakusema vizuri wala vibaya. Alifanya. Saa nane na dakika ishirini kampuni ya intaneti ilifukua anuani. Mlima wa kijani uliinuka kidogo, ukayumba, ukatulia kwenye kumi. Watumishi mia na hamsini: themanini kazini. Hodi za ovyo zilikuwa zinaendelea kubishwa na kurudishwa mlangoni, hakuna aliyepanda ngazi tena.

Bosi alitoka. "Wamechoka? Safi! Kimya, taarifa iko wapi?"

Simu ikalia kabla sijafungua kinywa. Alikuwa Msajili, na Bosi akabonyeza spika.

"Naona imerudi. Nipe huyo binti aliyewaona wavamizi. Nataka nijaze kitabu changu: kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi watu wa nje walituzimia."

Bosi akanisogezea simu, amejaa tabasamu, akanikonyeza. Kaka Nyaya alikuwa anatazama kioo, lakini vidole vyake havikuwa vinaandika.

Kulikuwa na jibu rahisi. Wavamizi walikuwepo, si uongo. Ningesema saa sita na dakika arobaini hadi saa nane na dakika ishirini, wavamizi wa nje, na kila kitu kingelala. Kampuni ingebaki na jina lake, mimi na sifa yangu, na dirisha lingefungwa saa kumi juu ya vidole vya watu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Sema."

"Wavamizi walianza saa sita na dakika arobaini. Waliifanya iwe nzito. Lakini kuanzia saa saba na dakika nne hadi saa nane na dakika ishirini si wao. Ni mimi. Nilisoma grafu vibaya, nikadhani njia imejaa, nikafunga anuani. Watu wa kweli ndio niliowafungia."

Kimya kikatanda. Niliwahi kufikiri nakijua kimya, kwa jina langu. Sikukijua.

"Bosi wako yuko hapo?" Msajili akauliza.

"Yupo, mama."

"Ni hivyo?"

Bosi alikuwa amepoteza rangi, kikombe kimeinama mkononi, chai inakaribia ukingo. Alimtazama Kaka Nyaya. Kaka Nyaya akatikisa kichwa mara moja, ndiyo.

"Ni hivyo, mama," Bosi akasema. Sauti ya ukumbi ilikuwa imekwisha.

"Saa moja na dakika kumi na sita, hitilafu ya mwenye mitambo," Msajili akasema polepole, anaandika. "Dirisha litafungwa saa kumi na moja na dakika kumi na sita. Nitaweka tangazo. Nyinyi na mimi tutazungumza kesho, kwa barua." Akakata.

Bosi hakunifokea. Alisema tu, "Nilikusifu mbele ya mteja," akaingia chumbani kwake akafunga mlango taratibu. Mlango ule hufungwa kwa kishindo siku zote.

Nilikuwa na jambo moja limebaki. Nikachukua karatasi yangu, nikapiga namba ya yule mama. Ililia sana kabla hajapokea, na nyuma yake nilisikia upepo na miguu inayotembea.

"Mama, ni mimi wa ofisi ya tovuti. Rudini kibandani. Imefunguka, na wameongeza muda, mpaka saa kumi na moja na dakika kumi na sita."

"Alhamdulillahi! Mmewashinda?"

Ningeweza kusema ndiyo.

"Wavamizi walikuwepo, mama, lakini aliyefunga mlango ni mimi. Nilikosea. Halafu nikakwambia tunashambuliwa."

Nilisikia miguu ikisimama. "Wewe?"

"Mimi. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. "Tumeshatembea nusu ya njia," akasema. Kisha, mbali kidogo na simu, akamwambia binti yake: "Geuka, mama, turudi. Geuka tu, nitakueleza." Akakata.

Saa kumi ilipita. Saa kumi na moja ilifika. Nilikuwa nimefungua orodha ya fomu zilizopokelewa, naiita upya kila baada ya dakika, na Kaka Nyaya alijifanya hanioni. Zilikuja namba za elfu nne mia tatu, elfu tano na kitu, elfu mbili mia moja. Nilijua kwamba namba moja haifuti mamia nisiyoyajua, ya watu wasionipigia simu, walioambiwa imekufa wakaamini, wakaenda zao nyumbani.

Saa kumi na moja na dakika tisa ilitokea. 4417, imepokelewa.

Nilifunika uso kwa viganja. Si kwa furaha hasa.

"Ni yeye?" Kaka Nyaya akauliza.

"Ni yeye."

"Basi kunywa maji."

Barua ya Msajili ilikuja kesho yake, na onyo langu likaja juma lililofuata, limepigwa muhuri. Nimeliweka kwenye bahasha ileile ya plastiki pamoja na cheti. Kazi sikufukuzwa. Feni ya Kaka Nyaya bado inapiga kelele, na siku hizi asiposikika nasema, "Rudia, kaka, sijasikia," na masikio yananiwaka moto kila ninaposema.

Nao hawajanisamehe kabisa, au labda ndivyo wanavyosamehe. Kila asubuhi nikifika mlangoni na begi langu, Bosi ananiita kwa sauti yake ya ukumbi, ambayo imemrudia:

"Kimya! Unaingia au unatoka?"

Na Kaka Nyaya, kalamu mdomoni, hainui hata macho kwenye kioo:

"Kwa macho ya nani?"